Mteja wa Voi Hajaagiza iPhone

Kijana yeyote anayetaka kutengeneza programu yake ya kwanza ya simu ili auze hupewa ushauri uleule, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali: usihangaike na Android peke yake. Jifunze Flutter au React Native, andika kazi mara moja, nayo itakwenda Android na iPhone kwa mpigo. Ushauri huu umetoka kwenye mikutano ya wasanidi Nairobi na video za YouTube ukashuka na barabara ya Mombasa mpaka Voi, na siku hizi ukisema unaandika Kotlin unaangaliwa kama mtu anayepeleka salamu kwa barua ya posta.

Hesabu yao ni tamu: jasho moja, masoko mawili. Ila ni hesabu ya mtu mwingine. Ni ya kampuni ya ng'ambo ambayo wateja wake wengi wana iPhone, na ambayo ingelazimika kuajiri timu mbili. Msanidi wa Voi hana hata timu moja. Ana yeye mwenyewe, laptopu yenye RAM ya GB 8, na mteja mmoja au wawili walioahidi kulipa. Kwa mtu huyo nasema programu ya kwanza iandikwe kwa Kotlin, kwa Android tu, na habari ya iPhone isubiri mpaka atokee mteja wa kuilipia.

Kuna hoja nyepesi ambazo sitakaa nazo. Kenya ni nchi ya Android, na ukisimama stendi ya Voi ukahesabu simu zilizo mikononi utaona Tecno, itel, Infinix na Samsung za bei ya chini kabla hujaona tunda la Apple. Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja tu maishani. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na programu ya iPhone hujengwa kwa Xcode, ambayo hukaa kwenye kompyuta ya Mac pekee, yako au ya kukodi mtandaoni. Kwa hiyo soko la pili halipatikani bure kwa sababu tu msimbo ni mmoja. Lina ada yake, mashine yake, ukaguzi wake na majaribio yake.

Lakini shabiki wa Flutter mwenye akili hatabishana na hayo. Atasema: "Sawa, basi tengeneza ya Android kwa Flutter, iPhone iache. Ukija kuihitaji utakuwa nusu ya safari." Hapo ndipo ubishi wa kweli unapoanza, kwa sababu hoja hiyo inadhani kwamba kuandika Android kwa Flutter hakugharimu chochote zaidi ya kuiandika kwa Kotlin. Kunagharimu, na gharama hiyo haionekani wiki ya kwanza.

Tuchukue kazi moja ya kawaida ya kaunti hii. Mwenye duka la jumla mjini Voi ana pikapu inayosambaza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Siku moja inapanda Mwatate mpaka Wundanyi, siku nyingine inakwenda Bura, Maktau, inakatiza Tsavo Magharibi mpaka Taveta. Dereva ndiye muuzaji. Anashusha mali kwenye maduka madogo, nusu taslimu au M-Pesa na nusu kwa deni, anakusanya deni la wiki iliyopita, anaandika risiti kwa karatasi ya kaboni. Jioni kitabu kinarudi Voi, na ugomvi unaanza: mwenye duka wa Wundanyi anasema alilipa, nakala imefifia, dereva hakumbuki. Tajiri anataka dereva arekodi mauzo kwenye simu, risiti itoke palepale mlangoni mwa duka, na yeye aone hesabu jioni bila kumpigia mtu simu. Hiyo ni programu ya kuuza. Ina mwenye shida, ina mwenye pesa, na wenye maduka ya jumla kama yeye wako mpaka Taveta.

Ukiipasua programu hiyo unapata sehemu tatu. Kwanza kuna skrini: orodha ya maduka, orodha ya bidhaa, mahali pa kuandika idadi, kitufe cha kuhifadhi. Pili kuna printa ndogo ya betri inayoning'inia kiunoni mwa dereva. Tatu kuna kutuma rekodi ofisini mtandao unapopatikana. Flutter ni hodari wa sehemu ya kwanza, na hilo silikatai. Lakini sehemu ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, na hakuna mteja atakayekurudishia programu kwa sababu orodha haikuteleza vizuri. Atakurudishia kwa sababu risiti haikutoka.

Hapa inabidi nieleze zana hizi zinavyofika kwenye simu. Flutter, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, huandikwa kwa lugha ya Dart na hubeba injini yake yenyewe ya kuchora skrini. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, huandikwa kwa JavaScript na kuiagiza simu ichore vitufe vyake. Zote mbili, zikitaka kitu kilicho nje ya skrini kama vile Bluetooth, kamera au kazi ya chinichini, hupitia programu-jalizi. Kwa Android, programu-jalizi ni kipande cha Kotlin au Java kilichoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa kujitolea, kikaunganishwa na Dart au JavaScript. Kotlin yenyewe, ambayo Google iliipokea rasmi mwaka 2017 na kuipa nafasi ya kwanza mwaka 2019, inaongea na Android bila kipande hicho katikati.

Sasa twende kwa printa. Zile ndogo zinazouzwa madukani Nairobi na Mombasa hutumia karatasi ya joto ya upana wa milimita 58. Eneo la kuchapa ni milimita 48, nukta 8 kwa kila milimita, jumla nukta 384 kwa upana. Herufi ya kawaida ina upana wa nukta 12, kwa hiyo mstari mmoja hubeba herufi 32, wala si 33. Mstari wa risiti unaonekana hivi:

```
UNGA 2KG   x12             1,800
```

Nyingi kati ya printa hizi huongea kwa Bluetooth ya zamani, kwa utaratibu uitwao SPP, ambao ni kama waya wa kupeleka baiti moja baada ya nyingine. Amri zake ni ESC/POS: baiti mbili za kuianzisha, kisha maandishi, kisha mistari mitupu ya kusogeza karatasi. Kwa Kotlin kiini chote cha kazi ni hiki:

```kotlin
val SPP = UUID.fromString("00001101-0000-1000-8000-00805F9B34FB")
val soketi = printa.createRfcommSocketToServiceRecord(SPP)
soketi.connect()
soketi.outputStream.write(byteArrayOf(0x1B, 0x40))
soketi.outputStream.write(risiti.toByteArray(Charsets.US_ASCII))
soketi.outputStream.write("\n\n\n".toByteArray())
```

Kazi hii iendeshwe nje ya uzi mkuu wa programu, la sivyo skrini itaganda wakati simu inaitafuta printa. Zaidi ya hapo hakuna siri. Mtu aliyejifunza Kotlin mwezi mmoja anaweza kuiandika na, jambo lililo kubwa zaidi, anaweza kuielewa ikikataa.

Maana itakataa. Dereva amefika duka la tatu, anabonyeza kitufe, karatasi haitoki. Kwenye kumbukumbu ya simu, ukiunganisha waya na kuendesha `adb logcat`, utaona `java.io.IOException: read failed, socket might closed or timeout, read ret: -1`. Aliyezoea anajua maana zake: printa imezimwa, au imeshikwa na simu nyingine, au simu bado inatafuta vifaa na hukuisimamisha kwa `cancelDiscovery()` kabla ya kuunganisha. Unampa dereva ujumbe wa Kiswahili unaolingana na kisa: "Washa printa, kisha jaribu tena."

Kwa programu-jalizi, ujumbe ule hupita kwanza mikononi mwa aliyeiandika. Yeye ndiye aliyeamua kama wewe utaona kosa lenyewe, au `PlatformException` yenye neno moja lisilosema kitu, au `false` tupu. Ukitaka kujua zaidi, unafungua msimbo wake. Na ukiufungua unakutana na nini? Kotlin au Java. Lugha uliyoambiwa huna haja ya kuijifunza inakungoja pale, tena imeandikwa na mtu usiyemjua, miaka kadhaa iliyopita, kwa ajili ya printa isiyo yako.

Tufuate maisha ya programu-jalizi ya namna hiyo, tuseme iliandikwa mwaka 2020 na mwenyewe akaendelea na shughuli nyingine. Android 12, ya mwaka 2021, ilileta ruhusa mpya za Bluetooth. Programu inayolenga toleo hilo au la juu zaidi lazima imwombe mtumiaji `BLUETOOTH_CONNECT` wakati inatumika. Programu-jalizi ya zamani haijui ruhusa hiyo. Matokeo yake yanachanganya mtu: kwenye itel kuukuu ya dereva wa kwanza risiti inatoka, kwenye Tecno mpya ya dereva wa pili programu inaanguka kwa `SecurityException`. Tajiri anadhani umemuuzia kitu kibovu, na wewe unadhani Tecno ndiyo mbovu.

Ukalirekebisha hilo. Lakini Google Play huinua kila mwaka toleo la Android ambalo programu mpya na masasisho lazima zililenge. Kuanzia 31 Agosti 2025 ikawa Android 15, yaani API 35. Ili ufike huko unalazimika kupandisha Flutter, na Flutter mpya inadai zana mpya za ujenzi za Android. Zana hizo tangu toleo la 8, mwaka 2023, zinataka kila kipande cha mradi kitaje `namespace` yake. Programu-jalizi ya 2020 haina. Ujenzi unasimama na kusema `Namespace not specified`. Ukiongeza mstari huo kwa mkono, unakutana na jingine: Flutter 3.29, ya Februari 2025, iliondoa kabisa njia ya zamani ya kuunganisha programu-jalizi, na msimbo wowote unaotaja `PluginRegistry.Registrar` haukubali kujengwa. Sasa unanakili programu-jalizi nzima ndani ya mradi wako, unafuta, unaandika upya. Umekuwa mtunzaji wa msimbo wa Java wa mtu mwingine, pamoja na Dart yako, pamoja na Gradle.

Mtu wa Kotlin naye hupigwa na mabadiliko ya Google. Ruhusa ile ya Bluetooth lazima aiombe, `namespace` lazima aiandike. Lakini anaiandika mara moja, mahali pamoja, siku maelezo rasmi ya Android yanapomwambia. Hamsubiri mtu. Kwenye kampuni yenye wasanidi kumi, kuna mmoja anayelipwa kushughulika na mambo haya. Ukiwa peke yako, siku tatu ulizoipa programu-jalizi ni siku tatu ambazo hukwenda Mwatate kutafuta mteja wa pili.

Halafu kuna kichekesho ambacho watoa ushauri hawakitaji. iPhone hairuhusu programu za kawaida kuongea kwa SPP ya Bluetooth ya zamani, ila na vifaa vilivyoidhinishwa chini ya mpango wa Apple uitwao MFi. Printa ile ya bei nafuu haimo. Kwa hiyo hata kama uliandika yote kwa Flutter, siku tajiri akinunua iPhone na kutaka kuchapa risiti, haitachapa. Itahitajika printa nyingine, inayotumia Bluetooth ya nishati ndogo au iliyoidhinishwa, na njia nyingine ya kuunganisha. Ile "andika mara moja" inakatikia kwenye kifaa kinachoipa programu yako thamani. Kinachovuka ni skrini, na skrini ndiyo iliyokuwa rahisi.

Nije kwenye kutuma rekodi. Kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi mtandao huja na kutoweka kwenye kona za milima, na kati ya Maktau na Taveta kuna vipande ambapo dereva asitegemee mnara wowote. Programu lazima ihifadhi kila mauzo ndani ya simu kwanza, iyatume baadaye bila dereva kukumbuka. Android ina chombo chake cha kazi hiyo, WorkManager. Unakipa kazi, unataja masharti, nacho hujaribu tena hata simu ikizimwa na kuwashwa:

```kotlin
val masharti = Constraints.Builder()
    .setRequiredNetworkType(NetworkType.NOT_ROAMING)
    .build()
```

Angalia sharti hilo la `NOT_ROAMING`. Mifano mingi ya mtandaoni huandika `CONNECTED`, na Mwatate itafanya kazi vizuri. Taveta ni mpakani. Simu ya dereva aliyeruhusu matumizi ya data nje ya nchi ikishika mnara wa upande wa Holili, programu itatuma rekodi za siku nzima kwa bei ya ugenini na kummalizia salio, naye ataifuta kabla ya kukuuliza. Neno moja linazuia hayo.

Flutter nayo inafika kwa WorkManager, kwa programu-jalizi iitwayo `workmanager`, na inafanya kazi. Lakini kwa kuwa kazi yenyewe imeandikwa kwa Dart, kila inapoamshwa chinichini inabidi injini ya Flutter iwashwe bila skrini ndipo Dart iendeshwe. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 ambayo mtengenezaji wake ameiwekea mfumo mkali wa kuua programu ili betri idumu, hilo ni jambo la ziada la kushuku rekodi zisipofika. Sisemi Kotlin inaponya simu zinazoua kazi za chinichini. Haiponyi. Programu yoyote kwenye simu hizo inahitaji dereva aiondolee vizuizi vya betri kwenye mipangilio, na inahitaji kitufe cha "Tuma sasa" ambacho ofisi itamwambia akibonyeze akifika Voi. Tofauti ni kwamba ukikuta rekodi hazikufika, upande mmoja unachunguza simu na msimbo wako, na upande mwingine unachunguza simu, msimbo wako, programu-jalizi na injini.

Kuna kazi nyingine ambayo zana zote mbili zinalingana, na ni haki kuitaja. Kila risiti ipewe kitambulisho cha kipekee, UUID, palepale ndani ya simu kabla ya kutumwa. Seva ikiona kitambulisho ilichokwisha kukipokea, isiandike mara ya pili. Bila hivyo, mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya simu kuambiwa, risiti moja ya Wundanyi itageuka kuwa madeni mawili. Malipo ya M-Pesa nayo yanapitia seva yako, kwa mfumo wa Daraja wa Safaricom, kwa sababu funguo za siri za Daraja hazifai kukaa ndani ya programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipasua. Kwenye mambo haya Flutter haikupi faida wala hasara, na mengi ya usiku wako yatakwisha huko, uchague zana ipi.

Watasema Flutter ina kasi ya kuandika: unabadilisha rangi ya kitufe, unahifadhi, unaiona hapohapo bila kujenga upya. Kweli. Jetpack Compose, njia ya sasa ya kuandika skrini kwa Kotlin, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2021, ina maonyesho ya awali, lakini haijafikia ulaini huo. Mtu anayetengeneza skrini arobaini zenye michoro ataiona tofauti. Programu yetu ina skrini sita. Kuhusu laptopu, wengi hudhani Flutter itawaepusha na uzito wa Gradle na Android Studio. Kwa Android, Flutter nayo hujengwa kwa Gradle na huhitaji vifaa vilevile vya Android. React Native kwa njia ya Expo inaweza kukupunguzia mzigo huo kwa kujenga kwenye seva za wengine, na hilo ni pumziko la kweli kwa mwenye mashine dhaifu, ingawa unalilipia kwa bando, na printa yetu haitafanya kazi ndani ya Expo Go ya kawaida.

Uzito wa programu nao hutajwa sana, mara nyingi na watu wa upande wangu, na wanautia chumvi. Maelezo ya Flutter yenyewe yaliwahi kutaja MB 4 na ushee kwa programu tupu ya Android ikipakuliwa kwa aina moja ya prosesa. Programu tupu ya Kotlin huwa ndogo kuliko hiyo, lakini ukiongeza Compose na picha mbili tatu pengo linapungua. Kwenye Tecno yenye nafasi iliyojaa video za WhatsApp kila MB ina maana, ila si kwa MB hizo nitamshawishi mtu.

Hoja yao nzito zaidi ni ya kesho: "Ukiandika Kotlin umejifungia nje ya iPhone milele." Ilikuwa na nguvu zamani. Novemba 2023 JetBrains walitangaza Kotlin Multiplatform kuwa imara, mwaka 2024 Google nao wakaiunga mkono waziwazi kwa kazi ya Android na iPhone, na Mei 2025 Compose Multiplatform ikatangazwa imara kwa iPhone. Maana yake kwa pikapu yetu ni kwamba hesabu za deni, bei, risiti na utaratibu wa kutuma, vikiandikwa kwa Kotlin safi bila kuchanganywa na mambo ya Android, vinaweza kuhamia iPhone siku mteja atakapoilipia. Sharti ni moja tu la nidhamu: weka hesabu mbali na skrini. Hilo ungepaswa kulifanya hata kwenye Flutter.

Na tukizungumzia kesho, tukumbuke zana mseto zenyewe zinazeeka. PhoneGap, ambayo ilisifiwa kwa maneno haya haya ya kuandika mara moja, Adobe waliifunga mwaka 2020. Microsoft waliacha kuitunza Xamarin tarehe 1 Mei 2024 na kuwataka watu wahamie zana nyingine. Sitabiri kwamba Flutter itafuata. Lakini mtu anayeniambia Kotlin ni hatari kwa sababu inanifunga kwenye Android, anieleze kwanza walioandika kwa Xamarin walifungwa kwenye nini.

Kuna mahali ambapo ningeiachia Flutter mlango bila ubishi, na Taita Taveta inapo. Mgeni anayeteremka Madaraka Express kwenye stesheni ya Voi na kwenda kulala kwenye loji ya Tsavo huenda ana iPhone, na anayetengeneza programu ya wageni hao, ya ratiba, ramani na picha za wanyama, akianza na Android peke yake atakuwa ameacha wateja wengi. Programu hiyo haina printa, haina kazi nzito za chinichini, karibu yote ni skrini. Vilevile aliyefanya kazi na Dart miaka miwili kwa mwajiri asitupe ujuzi wake kwa ajili ya makala haya. Na anayetafuta ajira badala ya mteja afuate matangazo ya kazi, si mimi. Kuajiriwa na kuuza bidhaa yako ni safari mbili, na makosa mengi ya ushauri huu yanatokana na kumpa muuzaji ramani ya mtafuta kazi.

Kwa aliyebaki na shaka, ipo njia ya kuamua bila kunisikiliza mimi wala wao. Kabla ya kuchora skrini hata moja, muulize tajiri akuonyeshe simu iliyo mfukoni mwa dereva wake, si yake mwenyewe. Azima simu hiyo na printa ileile atakayotumia. Andika programu mbili za kitufe kimoja kinachotoa risiti ya mistari mitano, moja kwa Kotlin na moja kwa Flutter. Kabla ya kuchagua programu-jalizi, fungua ukurasa wake kwenye `pub.dev` usome tarehe ilipochapishwa mara ya mwisho, kisha nenda kwenye orodha ya malalamiko yake usome yaliyofunguliwa na hayajajibiwa. Halafu zima printa katikati ya kuchapa, iwashe, bonyeza tena. Beba simu na printa hiyo ndani ya matatu ya Wundanyi na urudi navyo jioni.